Mkubwa alale kabla ya wa kati: kisa cha jioni ya watoto watatu Mbagala

Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule, huko Mbagala. Watoto ni watatu: msichana wa miaka saba anayesoma darasa la pili, mvulana wa miaka miwili na nusu, na kitinda mimba wa kike wa miezi saba. Mama anauza vitenge Kariakoo, anaingia nyumbani kama saa 12 na robo jioni. Baba hufika saa 2 usiku, foleni ikiruhusu. Mchana kutwa wadogo wanashinda na dada wa kazi anayeishi humo humo. Mama alikuja kliniki kumpima mdogo uzito, na uzito ulikuwa mzuri tu. Kilichomfanya abaki kwenye benchi wenzake walipoondoka ni kingine. "Nesi, mimi ndiyo ninalala kabla ya watoto. Wananilaza wao."

Utaratibu wake ulikuwa huu. Baba akifika, watu wanakula pamoja, saa 2 na nusu hivi. Baada ya chakula mama anawaogesha wote, anazima taa, anawaingiza wote watatu kwenye kitanda kimoja chini ya chandarua kimoja, naye anajilaza katikati. Mdogo ananyonya. Wa kati anapanda mgongoni mwa mama, anaimba, anaomba maji, anaomba kukojoa, anaomba maji tena. Mdogo akianza kusinzia, wa kati anacheka, mdogo anashtuka. Mkubwa analalamika hawezi kulala kwa kelele, mama anamkemea wa kati, wa kati analia, na hapo wote wanakuwa macho. Ikifika saa 4 mama amepitiwa na usingizi, mdogo bado ana titi mdomoni, na wa kati ameteremka kitandani, yupo sebuleni na baba yake anaangalia tamthilia.

Mama alikuwa ameshaambiwa na wengi kwamba dawa ni kuwalaza kwa zamu, mdogo kwanza, wa kati afuate, mkubwa mwisho. Ameshajaribu. Mdogo alilala, lakini wa kati aligoma mpaka saa 4, na mkubwa akawa anasubiri zamu yake kwa sababu "mkubwa ndiye wa mwisho". Zamu zilikuwepo, ila zilifuata umri, na katika nyumba hii umri hauamui nani alale saa ngapi. Kinachoamua ni vitu viwili: mtoto anaamka saa ngapi asubuhi, na mara ya mwisho kuamka usingizini mchana ilikuwa saa ngapi.

Daftari la siku tano

Kabla ya kubadilisha chochote nilimwomba aandike kwenye daftari, kwa kila mtoto, saa aliyoamka asubuhi, saa alizolala na kuamka mchana, saa aliyoingizwa kitandani na saa aliyolala kweli. Za mchana alizijaza dada. Hakuna haja ya dakika kamili, robo saa inatosha. Siku tano zilionyesha picha ileile kila siku.

Mkubwa anaamshwa saa 11 na robo alfajiri, kwa sababu basi la shule linapita saa 12 kasoro dakika kumi. Analala saa 4 usiku. Hiyo ni kama masaa saba na robo, wakati mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji masaa 9 hadi 12 kwa siku. Deni lake lilikuwa linaonekana: analala kwenye basi kwenda na kurudi, na Jumamosi asipoamshwa anafika saa 3 asubuhi. Mtoto anayepitiliza wikiendi kwa masaa mawili au zaidi kuliko siku za shule anakuonyesha mwenyewe kiasi anachodai.

Wa kati anaamka saa 1 asubuhi. Anakula chakula cha mchana saa 8, analala saa 8 na nusu, na anaachwa hadi saa 11 kasoro robo jioni.

Mdogo analala mara tatu mchana, na ile ya tatu ilikuwa mgongoni mwa dada, amefungwa kanga, kuanzia saa 11 na robo hadi saa 12 jioni. Yaani mama anapoingia mlangoni, mtoto ndiyo kwanza anafumbua macho.

Sasa hesabu. Usingizi hujikusanya mwilini kadiri mtu anavyokaa macho, na ukilala kidogo unapungua, kama njaa inavyokatwa na kitafunwa cha jioni. Mtoto wa miezi saba huwa tayari kwa usingizi wa usiku baada ya kukaa macho masaa mawili na nusu hadi matatu. Wa miaka miwili na nusu ambaye bado analala mchana anahitaji kukaa macho kama masaa matano hadi sita. Chukua matano na nusu kwa wa kati, anza kuhesabu saa 11 kasoro robo jioni: unaangukia saa 4 na robo usiku. Ndiyo saa aliyokuwa akilala. Hakuwa mkaidi wala hakudekezwa. Alikuwa analala kwa wakati wake, na muda kabla yake alikuwa anashikiliwa kitandani akiwa hana usingizi hata chembe.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wazazi. Mwili una saa yake ya ndani, na katika saa moja au mbili kabla ya muda uliozoeleka wa kulala, saa hiyo humfanya mtu achangamke badala ya kusinzia. Mtoto aliyezoea kulala saa 4, ukimzimia taa saa 2 na nusu, umemkamata pale pale anapochangamka zaidi. Ndiyo maana kumwahisha ghafla kwa saa nzima huzaa vita tu.

Nani wa kwanza, nani wa mwisho

Nilimwuliza mama ni saa ipi kati ya zote hizi ambayo hawezi kuibadilisha. Akajibu bila kufikiri: basi la shule. Basi tukaanzia hapo. Mkubwa akiamka saa 11 na robo, ili apate walau masaa tisa ni lazima awe amelala saa 2 na robo usiku. Ningependa alale saa 1 na nusu, lakini mama anaingia saa 12 na robo na kuna mtoto wa kunyonyesha, kwa hiyo saa 2 kitandani ndiyo iliyowezekana. Hiyo ikawa nguzo, na wengine wawili wakapangwa kuizunguka.

Mdogo alikuwa rahisi kumtanguliza. Usingizi wake wa tatu ukiisha saa 11 kasoro robo jioni, saa 1 na robo usiku anakuwa tayari.

Wa kati ndiye aliyekuwa na mjadala. Kwa desturi angewekwa katikati, saa 1 na nusu hivi, ili mkubwa afuate saa 2. Ingewezekana kama tungemwamsha mchana saa 8, na hilo lingemaanisha kumlaza saa 6 na nusu, wakati dada anapika na mdogo anahitaji kubebwa. Kisha kuna baba. Akifika saa 2, wa kati akisikia mlango tu, ameshashuka kitandani, anapiga kelele "Baba! Baba!". Ukimlaza saa 1 na dakika 40, baba anamwamsha saa 2 bila kutaka. Na baba mwenyewe, nilipoongea naye kwa simu, alisema wazi kwamba hataki kufika nyumbani kila siku akute watoto wote wamelala. Sioni kosa hapo. Mzazi anayemwona mtoto Jumapili tu ni hasara kubwa kuliko mtoto kuchelewa kulala nusu saa.

Kwa hiyo tukaiacha desturi. Mdogo saa 1 na robo, mkubwa saa 2, wa kati saa 3 kasoro robo, na nusu saa ya mwisho ya wa kati ikawa mali ya baba. Ili wa kati awe na usingizi saa 3 kasoro robo, ukihesabu masaa matano na nusu kurudi nyuma, anatakiwa kuwa ameamka mchana saa 9 na robo. Akilala saa 8 kasoro robo anapata saa moja na nusu mchana, na usiku mpaka saa 1 kasoro robo asubuhi anapata masaa kumi. Jumla masaa kumi na moja na nusu. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji 11 hadi 14, na wa miaka mitatu hadi mitano 10 hadi 13, kwa hiyo yeye aliye katikati ya makundi hayo hajapunjwa.

Jioni inaamuliwa saa 8 mchana

Hapo ndipo kazi ilipokuwa, na haikuwa kazi ya mama. Dada hakuwa anawaacha watoto walale hovyo. Wa kati alipolala ndipo alipofua na kudeki, na mdogo alimbeba mgongoni saa 11 kwa sababu ndiyo saa ya kupika na hawezi kumwacha chini karibu na jiko la mkaa. Ukimwambia "usimwache alale mpaka saa 11" bila kugusa hizo kazi, atakubali kwa mdomo, na kesho mtoto atalala mpaka saa 11.

Mama alikaa naye Jumapili wakazipanga upya. Kufua kukahamia asubuhi. Chakula cha mchana cha watoto kikarudi saa 7. Maharage au mboga ya usiku ikaanza kubandikwa saa 8, wakati wa kati amelala, ili jioni ibaki kusonga ugali au kuinjika wali tu. Usingizi wa tatu wa mdogo ukaanza saa 10, sehemu yoyote, hata mgongoni, mradi saa 11 kasoro robo awe macho. Mama aliongeza kitu ambacho sikumwambia, na ninakipenda: dada akapewa ruhusa ya kupumzika kuanzia saa 2 usiku badala ya saa 4. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kumkumbusha saa 9 na robo.

Usingizi wa wa kati haukukatwa siku moja. Kila baada ya siku mbili uliwahishwa kwa dakika 15 hadi 20, kulala na kuamka pia, na usiku alisogezwa vivyo hivyo, kutoka saa 4 na robo kurudi nyuma taratibu. Katika siku za mwanzo aliingia kitandani kwa saa yake ya zamani, si kwa saa tuliyoitaka. Hili wazazi wengi hawalipendi, wanaona kama wanashindwa, lakini mtoto anayeingia kitandani akiwa na usingizi anajifunza kwamba kitanda ni cha kulalia. Aliyezoea kukaa kitandani saa nzima akiruka anajifunza kitu kingine.

Kumwamsha mtoto wa umri huo katikati ya usingizi kuna namna yake. Dada anafungua pazia na kuacha mwanga uingie dakika chache, kisha anamnyanyua na kumtoa nje kibarazani, anampa kipande cha papai au chungwa. Atakuwa na kisirani kama robo saa. Hakuna haja ya kumsemesha wala kumchekesha, kitapita chenyewe.

Jioni yenyewe

Mama anaingia saa 12 na robo. Jua la Dar es Salaam linazama muda huohuo, mapema kidogo au baadaye kidogo kulingana na mwezi, kwa hiyo giza la nje linasaidia, tofauti na nchi ambazo wakati wa kiangazi watoto hulazwa jua likiwaka. Ananawa, anakaa sebuleni taa ikiwa inawaka, ananyonyesha. Hapa pana mtego. Maziwa yamejaa tangu mchana, mtoto ana hamu na mama yake, na kuanzia saa 11 kasoro robo yuko macho. Akiachwa anyonye kwenye utulivu atapitiwa dakika kumi tu, na dakika hizo kumi zitamla usingizi wa saa 1 na robo. Kwa hiyo hiki ni kinyonyo cha kelele: wakubwa wawili wapo pembeni wanasimulia ya siku, mtoto anabadilishwa ziwa mapema, anacheulishwa akiwa ameelekezwa kwenye mwanga.

Saa 12 na dakika 45 watoto wanakula, hawamsubiri baba. Mkubwa ameshamaliza kazi za shule kabla mama hajafika, kwa sababu basi humshusha saa 11 na dada amepewa agizo moja tu, kwamba daftari litoke kabla ya tivii. Mdogo anapewa vijiko vyake vya chakula kilichopondwa. Saa 1 kamili dada anaingia bafuni na wa kati, mama anamfuta mdogo kwa maji ya uvuguvugu, pampasi mpya, nguo nyepesi, na anaingia naye chumbani. Taa imezimwa, feni ya taratibu. Ananyonya mara ya pili, safari hii kimya. Anawekwa kwenye kitanda chake kidogo pembeni mwa kitanda cha wazazi, chali, godoro gumu, bila mto wala blanketi zito, chandarua kimebanwa chini ya godoro. Lile la kumlaza kitanda kimoja na kaka yake anayegeuka usiku kucha nilimwomba aliache hata kama asingefuata jambo jingine lolote. Mkono wa mtoto wa miaka miwili ukimwangukia wa miezi saba usoni, mdogo hana nguvu za kuutoa.

Dakika hizi ishirini, saa 1 na dakika 5 mpaka na dakika 25, ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu wa kati anamtaka mama na mlango umefungwa. Bafu lilisaidia kwa kuwa anapenda maji na anaweza kukaa nayo muda wote huo. Kwa mama asiye na dada ningesema mtoto wa kati aingie naye chumbani, akae chini na kitu ambacho hakionekani saa nyingine yoyote, vifuniko na bakuli za plastiki kwa mfano, wala asitegemewe wa miaka saba kumlea. Mkubwa anaweza kumchunga mdogo wake dakika tano. Kila siku dakika ishirini ni kazi, na ataichukia.

Saa 1 na nusu mkubwa anaoga, anapanga begi na sare. Saa 2 kasoro robo anapanda kitanda cha juu kwenye dabodeka, na mama anakaa naye. Baba akiwahi, anaingia kumsalimia humo humo chumbani, taa ndogo, dakika tano, "Shikamoo baba", "Marahaba, za shule?", anatoka. Saa 2 taa inazimwa.

Wa kati wakati huo yuko na baba. Tivii imezimwa mpaka mkubwa alale. Hili baba alilipinga wiki ya kwanza, taarifa ya habari ni saa 2, mpaka akaona mwenyewe kwamba chumba kinapakana na sebule na binti anaisikiliza habari yote akiwa kitandani. Akaanza kula kibarazani na mwanawe, mtoto anamegewa matonge mawili matatu kwenye sahani ya baba yake. Saa 2 na nusu anapiga mswaki, anakojoa, na baba ndiye anayemwingiza kitanda cha chini.

Kuingia huko chumbani dada yake akiwa amelala kuliwatia wasiwasi, lakini hapa maumbile yanawapendelea. Sehemu ya mwanzo ya usingizi wa mtoto ndiyo nzito zaidi. Aliyelala nusu saa iliyopita hashtuki kirahisi, unaweza hata kumnyanyua. Hatari ni kumwingiza mwingine dakika kumi baada ya wa kwanza kufumba macho. Kwa hiyo nafasi kati ya zamu na zamu haihesabiwi kuanzia mmoja anapoingia kitandani. Inahesabiwa kuanzia anapolala kweli, na isipungue nusu saa.

Palipoharibika

Mdogo ndiye aliyeanza. Usiku wa kwanza alilala saa 1 na robo, saa 2 kasoro dakika tano akawa macho, na mama alikuwa na mkubwa. Kuamka baada ya dakika 30 hadi 45 ni jambo la kawaida kwa umri huo, maana ndipo mzunguko mmoja wa usingizi unapoisha, na swali ni anaamka vipi. Akiamka anacheka na kupiga miguu, hakuwa amechoka vya kutosha, aliuchukua kama usingizi mwingine wa mchana: ama ule wa jioni ulichelewa kuisha, ama saa ya kulala isogezwe mbele robo saa. Akiamka analia na kufikicha macho, alichelewa mno, au kuna joto, gesi, au pampasi imejaa. Huyu alikuwa anacheka. Daftari likaonyesha kwamba siku hiyo aliamka jioni saa 11 na dakika 5. Waliposimamia saa 11 kasoro robo, ilikoma. Kunyonya usiku wa manane kuliendelea kama kawaida, na hakuna sababu ya kuogopa hilo kwa mtoto wa miezi saba.

Pili, mkubwa aligoma. Alichosema kilikuwa na mantiki kamili: "Kwa nini mimi mkubwa nilale kabla yake?" Mama alijaribu kumweleza habari ya basi. Haikumwingia, na mimi nisingetegemea imwingie mtoto wa miaka saba anayesikia kicheko cha kaka yake na baba kibarazani. Kilichomtuliza ni ile robo saa kabla ya saa 2, ambayo ni yake peke yake, wa kati haruhusiwi kuingia, na ndani yake anaweza kusuka mazungumzo yoyote na mama au kusomewa. Ijumaa na Jumamosi anabaki sebuleni mpaka saa 3, wa kati akiwa ameshalazwa, na anaangalia tivii na wazazi. Saa moja zaidi wikiendi haivurugi kitu. Wakimwacha mpaka saa 5, Jumapili usiku hatapata usingizi na Jumatatu saa 11 na robo alfajiri ndipo wataona.

Tatu ni daladala. Jumapili walienda kwa bibi Kigamboni, na wakati wa kurudi, saa 11 na nusu jioni, wa kati alisinzia mapajani mwa mama kwa dakika kama kumi na tano. Usiku huo saa 3 kasoro robo alikuwa anaruka. Baba alikasirika, akaona mpango wote umekufa. Usingizi mfupi wa jioni hufanya hivyo, unapunguza makali ya uchovu kuliko urefu wake unavyoonyesha. Hapo hakuna cha kupigania. Mdogo na mkubwa wanabaki kwenye saa zao, wa kati anaachwa sebuleni kwenye mwanga hafifu mpaka saa 4 kasoro robo, na asubuhi anaamshwa saa yake ya kawaida. Ukimwacha apitilize asubuhi ili "afidie", umeuhamisha uchelewaji kwenda Jumatatu mchana na Jumatatu usiku.

Umeme ulikatika usiku mmoja, feni ikasimama, na mdogo akaamka ana jasho. Waliufungua mlango na dirisha lenye wavu, wakampunguzia nguo, wakamfuta shingo kwa kitambaa chenye maji. Zamu za wengine hazikuguswa.

Namna ya kujua kama saa ni sahihi

Mama aliniuliza atajuaje kwamba saa hizi zimekaa sawa bila kuniuliza mimi kila mara. Mtoto aliyeingia kitandani kwa wakati wake hulala kati ya dakika kumi na ishirini. Akikaa macho zaidi ya nusu saa, siku tatu nne mfululizo, ameingizwa mapema, msogeze mbele robo saa au angalia usingizi wake wa mchana. Akizimika kabla hujafunga chandarua, huku saa moja kabla alikuwa analialia na kujigonga gonga, amechelewa. Kwa mkubwa kuna kipimo cha asubuhi: akiitwa mara moja anaamka. Huyu binti, wiki ya tatu, dada wa basi alimwambia mama kwamba siku hizi mtoto anakaa dirishani anahesabu bajaji.

Angeendelea kuchoka mchana licha ya kulala masaa tisa, ningemwuliza mama kama anakoroma kwa nguvu, anahemea mdomoni, au anakatika pumzi kidogo akiwa usingizini. Hayo si mambo ya ratiba, ni ya daktari wa masikio, pua na koo. Hakuwa na hata moja.

Saa hizi zina muda wake pia. Shule zikifungwa Juni na Desemba, basi halipiti, na nguzo yote inaondoka: mkubwa anaweza kuamka saa 1 asubuhi, kwa hiyo analala saa 3 na nusu na anakuwa wa mwisho, kama alivyotaka. Wiki moja kabla ya kufungua shule anarudishwa nyuma robo saa kila siku, kulala na kuamka. Mdogo naye, akikaribia miezi tisa, ataacha usingizi wa tatu, na hapo atakuwa anatafuta kitanda saa 1 kasoro robo usiku au hata mapema zaidi, nusu saa tu tangu mama aingie mlangoni. Kwa majuma machache kinyonyo cha kelele sebuleni kitaondolewa, mama ataingia na kwenda naye moja kwa moja chumbani, na wakubwa wawili watakula na dada.